Mpagazi aliyeishiwa nguvu Horombo: BPG, upungufu wa damu na mwinuko

Kijana wa miaka 24, mkulima kutoka upande wa Korogwe, anapata kazi ya upagazi Mlima Kilimanjaro kwa msimu mmoja. Njia ni ya Marangu. Siku ya kwanza anafika Mandara, mita 2,720, pamoja na wenzake, ingawa amechoka kuliko wao. Siku ya pili, akielekea Horombo kwenye mita 3,720 na mzigo wa kilo 20 kichwani, anaanza kuachwa nyuma. Anatembea hatua kumi, anasimama. Anapofika kambini jioni, moyo unapiga mara 132 kwa dakika hata baada ya kukaa nusu saa, na kipima oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 80. Wenzake wanasoma kati ya 85 na 88. Kiongozi wa msafara anamwambia, "Mdogo wangu, wewe huendi Kibo. Kesho asubuhi unashuka." Uamuzi ni sahihi. Sababu anayoiandika kwenye fomu, maji kwenye mapafu kwa ajili ya mwinuko, si sahihi.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Nimemuunda mgonjwa kutokana na hali ambayo watabibu wa Moshi na Marangu wataitambua mara moja, na hesabu zote za oksijeni zilizomo nimezikokotoa mwenyewe kwa mlinganyo wa kawaida wa himoglobini. Nimechagua kisa cha namna hii kwa sababu kinakutanisha kwenye mwili mmoja mambo mawili ambayo vitabu huyaeleza katika kurasa tofauti: upungufu wa damu wa muda mrefu, na hewa nyepesi ya mlimani. Yote mawili huongeza kitu kile kile ndani ya seli nyekundu, yaani bisfosfogliserati, au BPG kwa kifupi. Wanafunzi wengi hutoka darasani wakiamini kwamba BPG ikipanda, basi mwili umejisaidia. Kwa kijana huyu, msaada huo ulikuwa mkubwa Korogwe na mdogo sana Horombo, na inafaa tuone ni kwa nini.

Alipofika hospitali chini ya mlima, daktari alimfunua kope. Ndani palikuwa peupe kama karatasi, na viganja vilevile. Mapafu yalikuwa safi, hakukohoa, na pumzi ilikuwa imeshatulia. Himoglobini ilikuwa gramu 7 kwa desilita, seli ndogo na zenye rangi hafifu, na kwenye choo yalionekana mayai ya minyoo ya safura. Daktari akamuuliza, "Kaka, huko nyumbani unalima mpaka saa ngapi?" Akajibu, "Mpaka saa sita mchana, daktari. Nikichoka napumzika kidogo, kisha naendelea."

Jibu hilo ndilo kiini cha kisa. Mtu mwenye nusu ya damu anayopaswa kuwa nayo analima mpaka saa sita. Mtu huyohuyo angepoteza nusu ya damu yake kwa siku moja, kwa ajali kwa mfano, angekuwa anapigania uhai. Tofauti kati ya hali hizo mbili imo kwa sehemu katika moyo, unaojifunza kusukuma zaidi, na katika mishipa inayotanuka. Sehemu nyingine imo ndani ya seli nyekundu yenyewe.

Seli nyekundu haina kiini wala mitokondria, kwa hiyo nishati yake yote huitoa kwa kuvunja glukosi bila oksijeni. Katikati ya njia hiyo kuna kijia cha pembeni, kilichoelezwa na Rapoport na Luebering mwaka 1950, ambapo kimeng'enya kimoja hugeuza 1,3-bisfosfogliserati kuwa 2,3-bisfosfogliserati. Seli hulipa gharama kwa kupita huko, maana kila molekuli inayochepuka huikosesha seli ATP moja. Hata hivyo, seli nyekundu hulimbikiza BPG nyingi hivi kwamba idadi ya molekuli zake inakaribia idadi ya molekuli za himoglobini. Kwa miaka mingi haikujulikana ni ya nini. Mwaka 1967 Reinhold na Ruth Benesch, na kwa upande wao Chanutin na Curnish, walionyesha kwamba BPG ikiongezwa kwenye himoglobini, himoglobini huishika oksijeni kwa nguvu pungufu, yaani huiachia kwa urahisi zaidi.

Namna inavyofanya kazi inaeleweka vizuri. Himoglobini ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Oksijeni inapotoka, minyororo ya beta huachana kidogo na katikati panabaki uwazi. BPG ina chaji hasi nyingi, na kuta za uwazi ule zina chaji chanya. Molekuli moja ya BPG huingia pale na kukaa kama kabari, ikiishikilia himoglobini katika umbo lisilopenda oksijeni. Oksijeni nyingi ikirudi, uwazi hufunga na BPG husukumwa nje.

Kutoka hapo tunaweza kuona kwa nini upungufu wa damu huipandisha BPG. Damu ikiwa chache, tishu huchota oksijeni nyingi zaidi kutoka kila molekuli ya himoglobini, kwa hiyo damu inayorudi moyoni ina himoglobini tupu nyingi kuliko kawaida. Himoglobini tupu huinasa BPG. BPG iliyo huru ndani ya seli hupungua, na kwa kuwa ni hiyo iliyo huru inayokizuia kimeng'enya kinachoitengeneza, kimeng'enya huachiwa kifanye kazi. Pia himoglobini tupu hupokea ioni za haidrojeni, hivyo pH ndani ya seli hupanda kidogo, na uvunjaji wa glukosi huenda kasi. Mlimani mambo ni hayohayo: himoglobini huondoka mapafuni ikiwa haijajaa, na juu ya hayo mtu huhema sana, hutoa kaboni dioksidi, na damu nzima huwa ya alikali. Lenfant na wenzake, waliofanya kazi Morococha nchini Peru, takriban mita 4,500, waliripoti mwaka 1968 kwamba BPG ya mtu anayetoka pwani hupanda ndani ya siku moja hadi mbili tu baada ya kufika juu.

Sasa tuje kwenye namba za kijana wetu. Kipimo kinachotumika ni P50, yaani shinikizo la oksijeni ambalo himoglobini inakuwa imejaa nusu. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama milimita 27 za zebaki. Kwake tuseme ni 31, kiasi kinachowezekana kwa himoglobini ya 7 iliyoshuka polepole. Kila gramu ya himoglobini iliyojaa hubeba mililita 1.34 za oksijeni.

Mtu mwenye gramu 15, akiwa amepumzika pwani, hupeleka oksijeni kwenye damu ya ateri kwa shinikizo la 95, na damu ya vena hurudi ikiwa na 40. Katika safari hiyo kila desilita ya damu imeacha mililita 4.5 kwenye tishu. Kijana mwenye gramu 7 hawezi kuacha kiasi hicho kwa vena ya 40. Inabidi shinikizo la vena lishuke. Kwa P50 yake ya 31, likishuka hadi 30 anaacha mililita 4.5 zilezile. Kama BPG isingepanda na P50 ingebaki 27, kwa vena ya 30 angeacha 3.7 tu. Kwa hiyo seli zake zimemwongezea karibu mililita 0.8 kwa kila desilita, sawa na moja ya tano, bila moyo kuongeza hata pigo moja. Na kwa nini hajapoteza chochote mapafuni? Kwa sababu kwenye shinikizo la 95 mkunjo wa oksijeni, yaani mchoro wa jinsi himoglobini inavyojaa kadiri shinikizo linavyopanda, umelala: P50 ikipanda kutoka 27 hadi 31, himoglobini inayojaa inashuka kutoka asilimia 97 hadi 95. Ni hasara ndogo kwa faida kubwa. Kule Korogwe, mabadiliko haya ni mazuri karibu bila masharti.

Horombo masharti yanabadilika. Shinikizo la hewa pale ni kama 490, na oksijeni kwenye ateri ya mtu aliyefika jana huwa karibu 50. Hapo mkunjo haulali tena, umeanza kuteremka. Himoglobini yenye P50 ya 27 hujaa asilimia 84, ile ya 31 hujaa 78. Sasa kijana analipa mapafuni kwa kile anachopata kwenye misuli. Tukiiacha vena kwenye 30, anaacha mililita 2.9 kwa desilita, na bila BPG ya ziada angeacha 2.5. Faida imeshuka hadi 0.3 na ushee. Angeendelea hadi Kibo, mita 4,720, ambako ateri ina kama 42, angeacha 2.0 badala ya 1.8. Faida haijageuka kuwa hasara, lakini imekwisha karibu yote.

Kuna kanuni fupi inayotokana na mlinganyo huohuo, na ninaipenda kwa sababu inaondoa ubishi mwingi kuhusu kama mkunjo kuhamia kulia, yaani P50 kupanda, ni kuzuri au kubaya. Kwa shinikizo fulani la ateri na la vena, P50 inayotoa oksijeni nyingi kuliko zote ni kipeuo cha pili cha zao la mashinikizo hayo mawili:

```
P50 bora = √(PO2 ya ateri × PO2 ya vena)
```

Pwani, 95 mara 40, jibu ni karibu 62, mbali sana kulia kuliko himoglobini yoyote ya kawaida, ndiyo maana kila hatua ya kulia ni faida. Horombo, 50 mara 30, ni 39. Bado P50 ya 31 iko upande mzuri. Lakini mtu akiwa na ateri ya 30 na vena ya 20, kama ilivyo juu kabisa ya milima mirefu ya dunia, jibu ni 24 au 25, na hapo kuhamia kulia ni kujidhuru. Bata bukini wa Asia wanaovuka Himalaya na llama wa Andes wana himoglobini inayoshika oksijeni kwa nguvu zaidi, na hesabu hii inaonyesha kwa nini. Kwa binadamu kule juu, alikali ya kuhema humvuta kushoto kuliko BPG inavyomvuta kulia.

Alikali hiyo inamhusu hata kijana wetu. Nimekokotoa kwa pH ya 7.40, lakini mtu anayehema Horombo anaweza kufika 7.50, na peke yake hiyo huirudisha P50 ya 31 hadi karibu 28. Ndiyo maana kipima oksijeni chake kilisoma 80 na si chini zaidi. Wenzake walivutwa kushoto vilevile. Tena, wenzake walikuwa na nafasi ya kuongeza BPG siku ya pili na ya tatu. Yeye alikuja na BPG iliyokwisha kupanda kwa miezi, na hakuwa na nyingi ya kuongeza.

Basi kilichomwangusha ni nini, kama BPG haikumgeuka? Ni kwamba mlima ulimkuta ameshatumia akiba. Mtu mwenye afya akipanda hewa nyepesi, hujibu kwanza kwa kuiruhusu vena ishuke kutoka 40 kwenda 30 na chini. Kijana alikuwa ameanza na 30 akiwa amekaa kitako nyumbani. Tuchukue kazi ya kubeba mzigo inayohitaji lita 1.2 za oksijeni kwa dakika, na vena isukumwe hadi 22. Mwenzake mwenye gramu 15 anahitaji moyo usukume kama lita 12 na nusu kwa dakika. Yeye anahitaji zaidi ya lita 25, kiasi ambacho kwa vijana wengi ndio mwisho wa moyo. Bila BPG ya ziada angehitaji kama 27. Hapo unaona ukubwa halisi wa msaada wake kule juu: lita moja na kitu, kati ya 27. Hatua kumi kisha kusimama ndivyo mtu anavyotembea moyo ukiwa umefika kikomo.

Sasa, makosa mawili yaliyofanyika, maana yote mawili yanarudiwa kila msimu. La kwanza lilikuwa getini. Alipimwa kidole, ikasoma zaidi ya 90, akaambiwa yuko sawa. Kipima oksijeni huonyesha ni sehemu gani ya himoglobini imebeba oksijeni. Hakijui himoglobini ni kiasi gani. Mtu wa gramu 7 na mtu wa gramu 15 watasoma karibu sawa pale chini. Tone moja la damu kwenye mashine ndogo ya himoglobini, au hata kumfunua mtu kope kwenye mwanga wa jua, lingesema zaidi.

La pili ni la Horombo. Namba 80 ilisomwa kama ugonjwa wa mapafu. Maji kwenye mapafu kwa ajili ya mwinuko ni hatari ya kweli, na mtu mwenye dalili zake ashushwe bila kusubiri ufafanuzi wowote. Lakini maji hayo humfanya mtu ahangaike na pumzi hata akiwa amepumzika, akohoe, mara nyingine kwa makohozi ya povu, na mapafu hutoa mlio wa kuchemka ukiyasikiliza. Kijana hakuwa na hata kimoja. Alikuwa na moyo wa kasi, kope nyeupe, na asilimia chache chini ya wenzake, ambazo mkunjo uliohamia kulia unatosha kuzieleza. Kushushwa kulimfaa kwa vyovyote, lakini fomu ile ingempeleka kwenye matibabu ya mapafu na safura ingebaki pale pale.

Hospitalini palikuwa na fundi maabara aliyetaka kuona kama hesabu hizi zinaonekana kwenye damu yenyewe. BPG kuipima moja kwa moja ni shida. Damu ikikaa mezani kiwango huanza kubadilika, kwa hiyo sampuli hutakiwa iwekwe kwenye barafu na kutiwa asidi mapema, na maabara chache za kawaida hufanya hivyo. P50 inaweza kukisiwa kwa njia rahisi zaidi: sampuli moja ya vena, shinikizo la oksijeni, na asilimia ya himoglobini iliyojaa, S, iliyoandikwa kama sehemu ya 1.

```
P50 = PO2 × ((1 − S) / S)^(1/2.7)
```

Sampuli ya kijana, ikiwa na pH ya 7.40, ilitoa PO2 ya 30 na S ya 0.48. Jibu ni 31. Lakini kuna mtego ambao nimeona ukiwanasa watu makini. Mashine nyingi za gesi za damu hazipimi S. Huikokotoa kutoka kwenye PO2 kwa kudhani kwamba mgonjwa ana mkunjo wa kawaida. Mashine ya aina hiyo ingeandika 0.57, na ukiiingiza kwenye mlinganyo unapata 27, kwa sababu mashine ndiyo iliyoweka 27 tangu mwanzo. Ni lazima S ipimwe kwa mwanga, kwa kifaa kinachotofautisha aina za himoglobini, na iwe kati ya 0.2 na 0.8. Nje ya hapo mlinganyo hauaminiki.

Ushahidi kwamba P50 peke yake hubadilisha maisha ya mtu mwenye upungufu wa damu haukutoka kwa watu wa mlimani. Mwaka 1969 Delivoria-Papadopoulos, Oski na Gottlieb, nchini Marekani, walieleza wagonjwa wawili wenye kasoro za kurithi za vimeng'enya vya seli nyekundu. Mmoja alikosa heksokinasi, mwanzoni kabisa mwa njia ya glukosi, hivyo BPG yake ilikuwa chini na P50 ilikuwa 19. Mwingine alikosa piruvati kinasi, mwishoni mwa njia, hivyo BPG ilirundikana nyuma ya kizuizi na P50 ilikuwa 38. Walipokuja kupimwa kwa mazoezi, mwenye BPG nyingi aliimudu kazi vizuri zaidi, ingawa wote wawili walikuwa na upungufu wa damu.

Nieleze na upande ambao BPG si rafiki hata pwani. Kwa mwenye selimundu, umbo tupu la himoglobini ndilo linaloshikana na kuikunja seli, na BPG hulidumisha umbo hilohilo. Ndiyo maana dawa zinazochochea piruvati kinasi, kama mitapivati, zimejaribiwa kwa wenye selimundu ili BPG ishuke na ATP ipande. Kwa hiyo kabla ya kuifurahia P50 ya 31 ya mgonjwa yeyote wa kwetu, hakikisha aina ya himoglobini inajulikana. Ya kijana huyu ilikuwa ya kawaida.

Wapo waliotaka aongezewe damu siku ileile. Daktari alikataa, na nakubaliana naye. Chini ya mlima moyo ulikuwa umerudi 92, hakuna uvimbe, hakuna maumivu ya kifua. Kuna jambo jingine ambalo husahaulika: damu iliyokaa kwenye friji hupoteza BPG, na baada ya kama wiki mbili imebaki kidogo sana. Himoglobini ya mgonjwa itapanda kwenye karatasi mara tu mfuko unapoisha, lakini seli zile mpya hushika oksijeni kwa nguvu, na huhitaji siku mbili au tatu mwilini kuirudisha BPG yao. Kwa mgonjwa anayekufa kwa kukosa damu hilo halizuii kumpa, hata kidogo. Kwa huyu aliyesimama mwenyewe, lingekuwa hatari ya kuongezewa damu kwa faida inayochelewa.

Alipewa albendazoli miligramu 400 na vidonge vya madini ya chuma. Himoglobini ilipofika 9 baada ya wiki chache, BPG ilikuwa imeanza kushuka, bila dawa yoyote ya kuishusha, kwa sababu vena ilikuwa inarudi na oksijeni zaidi na himoglobini tupu ilikuwa imepungua. Wakati huo wagonjwa wengine hulalamika kwamba namba imepanda lakini nguvu hazijapanda kwa kiasi hicho. Malalamiko hayo yana msingi: sehemu ya faida ya gramu mbili mpya inafuta msaada ambao BPG ilikuwa ikitoa. Daktari alimweleza kijana hivyo kwa maneno mepesi, akamwandikia chuma kwa miezi mitatu zaidi baada ya himoglobini kukaa sawa ili akiba ijae, na akaandika kwenye kadi kwamba asipewe mzigo juu ya Mandara mpaka himoglobini ivuke 13.